Hela imekatwa, oda haijalipwa: kutafuta chanzo cha tatizo kati ya seva mbili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye seva mbili zinazoongea kupitia mtandao, na sasa hazikubaliani. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Seva A ni ya duka la mtandaoni, inatunza oda. Seva B inatunza akaunti za wateja na ndiyo inayokata hela. Mteja akibonyeza "Lipa", A inatuma ombi kwa B: kata shilingi 45,000 kwa ajili ya oda 7731. B ikikata, inajibu. A ikipata jibu, inaandika oda "imelipwa" na mzigo unatoka stoo.

Siku ambazo mtandao ni mzima, mambo yanakwenda hivyo hivyo kwa miezi. Kisha unaingia ujumbe kwenye simu ya huduma kwa wateja: "Kaka, nimekatwa mara mbili, oda moja." Mwingine naye: "Nimekatwa, ila duka linasema sijalipa." Malalamiko hayo mawili yana mzizi mmoja, ingawa tiba zake zinatofautiana kidogo.

Anza na aina ya kosa

Kabla ya kugusa kodi ya programu, fungua logi ya A na utazame kosa lenyewe limeandikwaje. Timu nyingi zimeweka makosa yote ya mtandao kwenye kapu moja liitwalo "imeshindikana", na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Makosa hayo hayana uzito sawa.

Ukiona `ECONNREFUSED`, kwenye mashine ya B hakuna programu inayosikiliza mlango ule. Ombi halikufika kwa programu yoyote, kwa hiyo kujaribu tena ni salama. Vivyo hivyo jina la seva likishindwa kupatikana, au taimauti ikitokea wakati A bado inafungua muunganisho: ombi lenyewe lilikuwa halijaondoka.

Ukiona taimauti wakati wa kusoma jibu, au `ECONNRESET` baada ya ombi kutumwa, au 502 na 504 kutoka kwa proksi iliyo katikati, hapo hujui kitu. Narudia, hujui. Hela inaweza kuwa imekatwa, inaweza kuwa haijakatwa, na inaweza kuwa itakatwa sekunde thelathini zijazo. Kundi hili ndilo linalozaa malalamiko yote mawili.

Hii ndiyo logi ya A kwa mteja aliyekatwa mara mbili:

```
10:14:02.118  A -> B  POST /makato oda=7731 kiasi=45000
10:14:07.121  A       read timeout (5s)
10:14:07.640  A -> B  POST /makato oda=7731 kiasi=45000
10:14:08.015  A <- B  200 muamala=90213
```

Na hii ni ya B:

```
10:14:02.131  B  imepokea oda=7731
10:14:02.402  B  imekata muamala=90212, jibu 200
10:14:07.655  B  imepokea oda=7731
10:14:07.990  B  imekata muamala=90213, jibu 200
```

Zisome kwa pamoja. B haikuwa na hitilafu yoyote. Ilimaliza kazi ya kwanza kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Jibu lake ndilo lililopotea njiani. A ilipoona kimya ilidhani kazi haikufanyika, ikaagiza upya, na B, ambayo haina namna ya kujua kwamba huu ni ule ule wa mwanzo, ikakata tena. Kila upande ukiusoma peke yake umefanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana ukimuuliza msimamizi wa A atakwambia tatizo liko B, na wa B atakuonyesha majibu mawili ya 200.

Lizalishe tatizo mwenyewe

Usiamini maelezo tu. Chukua mashine mbili za majaribio za Linux, weka programu ya B kwenye mlango 8080, kisha kwenye mashine ya B andika kanuni hii:

```
iptables -A OUTPUT -p tcp --sport 8080 --tcp-flags PSH PSH -j DROP
```

Pakiti za kufungua muunganisho hazibebi alama ya `PSH`, kwa hiyo zinapita. Ombi kutoka A linaingia kama kawaida. Jibu fupi la B, ambalo linabeba data na alama hiyo, linatupwa. Sasa kutoka A:

```
curl -m 5 -d 'oda=7731&kiasi=45000' http://10.0.0.12:8080/makato
curl: (28) Operation timed out after 5001 milliseconds with 0 bytes received
```

Tazama daftari la B: hela imekatwa. Futa kanuni ile kwa kuandika amri ile ile na `-D` mahali pa `-A`, kisha weka hii nyingine, inayotupa ombi badala ya jibu:

```
iptables -A INPUT -p tcp --dport 8080 --tcp-flags PSH PSH -j DROP
```

Endesha `curl` ile ile. Utapata kosa lile lile, namba 28, baiti sifuri. Daftari la B safari hii halina kitu. Ukiwa umekaa upande wa A, matukio haya mawili yanafanana, wala hakuna mstari wa kodi utakaoandika A wa kuyatenganisha kwa uhakika.

Mtu anayejua TCP atauliza: si TCP inahakikisha data inafika? Jaribu kutazama `ss -tn` kwenye A wakati `curl` inasubiri. Kwenye jaribio la kwanza, safu ya `Send-Q` inashuka hadi 0 muda mfupi baada ya kutuma, maana yake upande wa pili umekiri kupokea baiti. Kwenye jaribio la pili inabaki juu ya sifuri. Inaonekana kama dalili nzuri ya kutofautisha, lakini usiijengee nyumba. Aliyekiri ni mfumo endeshi wa B. Programu inayokata hela inaweza kuwa haijazisoma baiti zile, au imezisoma ikafa kabla ya kuandika kwenye hifadhidata. Kinyume chake nacho kinawezekana: baiti zimefika, ila kule kukiri ndiko kulikopotea.

Jaribio la pili lina kitu kingine ambacho wengi hawakitarajii. Mara `curl` inapokata tamaa, iondoe kanuni ile haraka, kisha tazama daftari la B. Hela inaweza kukatwa sasa hivi, wakati `curl` imeshafunga na kosa lake limeshasomwa. Programu imeondoka, lakini mfumo endeshi wa A bado unazo baiti ambazo hazijakiriwa, na unaendelea kuzirudia kwa muda. Kwa hiyo kuna hali tatu baada ya taimauti: lilifanyika, halikufanyika, au bado liko njiani. Hiyo ya tatu tutaikuta tena chini.

Kwa nini kuongeza uthibitisho hakusaidii

Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kuongeza ujumbe mmoja. B ikate, ijibu, kisha A ithibitishe kuwa imepokea jibu; B isipopata uthibitisho irudishe hela. Linavutia, na linahamisha shaka kutoka A kwenda B. Sasa B ndiyo inayokaa gizani: uthibitisho wa A haujaja, je, A haikupata jibu, au ilipata na uthibitisho wake ndio uliopotea? B ikirudisha hela katika hali ya pili, mzigo umetoka bure. Ongeza ujumbe wa nne, na shaka inarudi kwa A.

Suala hili lilielezwa mwaka 1975 na Akkoyunlu, Ekanadham na Huber, wakitumia mfano wa magenge mawili ya wahalifu. Mwaka 1978 Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, akalipa jina lililobaki, la majenerali wawili. Majeshi mawili yamekaa vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja wanashinda, mmoja akienda peke yake anaangamia. Njia pekee ya kuwasiliana ni mjumbe anayepita bondeni, na anaweza kukamatwa. Waweke A na B mahali pa majenerali hao, na "kushambulia" iwe ni A kutoa mzigo na B kukata hela.

Uthibitisho wake ni mfupi. Tuseme upo utaratibu wa kutumiana ujumbe unaowahakikishia wote wawili kufanya au kutofanya kwa pamoja, hata ujumbe ukipotea. Kati ya taratibu zote za namna hiyo, chukua ule wenye ujumbe mchache kuliko wote. Tazama ujumbe wake wa mwisho. Aliyeutuma hatapata habari kama umefika, maana hakuna kingine kinachofuata, kwa hiyo uamuzi wake ni ule ule ufike usifike. Kwa kuwa utaratibu unaahidi kwamba watafanana, mpokeaji naye lazima aamue vile vile hata asipoupata. Basi ujumbe huo hauna kazi, ungeweza kuondolewa. Lakini tulisema huu ndio utaratibu wenye ujumbe mchache kuliko wote. Mambo yamegongana, kwa hiyo utaratibu kama huo haupo. Ukipenda, endelea kuondoa ujumbe wa mwisho mmoja mmoja mpaka zibaki sifuri, na seva mbili zisizoongea kabisa haziwezi kukubaliana juu ya oda ambayo moja wao haijawahi kuisikia.

Kuna anayejibu kwamba atatuma mara nyingi. Kama kila ujumbe una uwezekano wa kupotea wa asilimia 1, na kila upotevu haujali mwenzake, mara tatu zote kupotea ni nafasi moja kati ya milioni. Hesabu ni sahihi, ila kwenye mtandao halisi upotevu huja kwa makundi: waya ukikatika, zote tatu zinapotea kwa pamoja.

Zingatia lakini uthibitisho huu unakataza nini hasa. Unakataza pande zote mbili kuwa na uhakika kwamba zitatenda pamoja. Haukatazi B kukata hela mara moja tu, wala haukatazi A kujua hatimaye kilichotokea, mradi mtandao unarudi siku moja. Tiba yote imo kwenye nafasi hiyo.

Dalili: mteja amekatwa mara mbili

Chanzo: A imerudia ombi, na B haina namna ya kutambua marudio. Dawa ni kila nia ya kulipa ipewe ufunguo wake, A iuandike kwenye hifadhidata yake *kabla* ya kutuma, na kila marudio yabebe ufunguo ule ule. B nayo iuweke ufunguo huo pamoja na kukata hela, ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Kwa PostgreSQL, ambapo safu ya `ufunguo` imewekewa sharti la `UNIQUE`:

```sql
BEGIN;
WITH mpya AS (
  INSERT INTO makato (ufunguo, akaunti_id, kiasi)
  VALUES ('oda-7731-lipo', 318, 45000)
  ON CONFLICT (ufunguo) DO NOTHING
  RETURNING akaunti_id, kiasi
)
UPDATE akaunti SET salio = salio - mpya.kiasi
FROM mpya WHERE akaunti.id = mpya.akaunti_id;
SELECT * FROM makato WHERE ufunguo = 'oda-7731-lipo';
COMMIT;
```

Ombi likija mara ya pili, `INSERT` haiingizi kitu, `mpya` inabaki tupu, salio haliguswi, na `SELECT` inarudisha muamala ule ule wa kwanza kama jibu. A sasa inaweza kurudia mpaka ichoke.

Kama ufunguo tayari upo kwenye mfumo wako na bado watu wanakatwa mara mbili, tazama mambo haya. La kwanza, na ndilo linaloongoza: ufunguo unatengenezwa ndani ya kipande kile kile cha kodi kinachotuma, kwa hiyo kila jaribio linazaa ufunguo mpya. Utalijua kwa kutafuta oda moja kwenye logi ya B. Ukiona funguo mbili kwa oda moja, umempata. Kuna pia ndugu yake: mteja mwenyewe anabonyeza "Lipa" mara mbili, na kila mbonyezo unahesabiwa kuwa nia mpya. Ufunguo unaotokana na namba ya oda unafunga milango yote miwili.

Pengine B inatafuta kwanza kama ufunguo upo, kisha inaingiza. Maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja, yote yanaona haupo, yote yanakata. Kutafuta na kuingiza viwe tendo moja, chini ya ulinzi wa `UNIQUE`.

La mwisho ni gumu kulinasa. Funguo zimewekwa Redis kwa ajili ya kasi, na makato yako PostgreSQL. Programu ikifa baada ya kukata na kabla ya kuandika Redis, marudio yatakata tena. Ikiandika Redis kwanza na kufa kabla ya kukata, marudio yataambiwa "imeshakatwa" wakati hela haijaguswa. Hapo umewaajiri majenerali wengine wawili ndani ya seva B yenyewe, na wao nao hawawezi kukubaliana.

Muda wa kutunza funguo nao uangaliwe. Foleni ya A ikiwa inarudia maombi kwa siku tatu, na B inafuta funguo baada ya saa 24, siku ya pili ulinzi haupo.

Dalili: amekatwa, oda bado "haijalipwa"

Chanzo: A imetafsiri taimauti kuwa kushindwa. Oda inahitaji hali ya tatu, "haijulikani", na oda ikiwa humo isiruhusiwe kufutwa wala kulipwa kwa njia nyingine. Mteja aambiwe malipo yanahakikiwa. Kumwambia "imeshindikana, jaribu tena" ni kumdanganya, na atajaribu tena kweli, kwa kadi nyingine.

Kutoka kwenye hali hiyo, njia nyepesi ni A kurudia ombi lile lile kwa ufunguo ule ule mpaka ipate jibu. Kama lilishafanyika, jibu la zamani litarudi. Kama halikufanyika, litafanyika sasa.

Ugumu unaanza pale mteja anapoghairi na A haitaki tena kukata. Wengi hapo wanaandika `GET /makato/oda-7731-lipo`, wanapata 404, wanahitimisha kwamba hela haikukatwa, wanafuta oda. Kumbuka ombi lililokuwa njiani. Hiyo 404 ina maana ya "mpaka sasa sijaliona", na ombi lililochelewa linaweza kutua dakika moja baadaye na kukata hela ya oda iliyokwisha kufutwa. Dalili yake kwenye logi ya B ni swali la 404 linalofuatwa na kukatwa kwa ufunguo huo huo.

Badala ya kuuliza, A itume amri ya kubatilisha ufunguo. B ikiupata ufunguo haupo, inauandika kwenye jedwali lile lile la `makato` ukiwa na hali ya "umebatilishwa". Ombi la kuchelewa likifika, linakuta nafasi imeshikwa na halikati kitu. Ikiwa lilishakatwa, B inarudisha hela na kuandika hivyo. Amri ya kubatilisha nayo inaweza kupotea, bila shaka, lakini nayo inarudiwa bila madhara.

Dalili: B inaanguka kila mtandao unaporudi

Hapa tunahitaji dhana potofu nane za waandishi wa programu kuhusu mtandao. Orodha hiyo ilitoka kampuni ya Sun Microsystems: Bill Joy na Tom Lyon walikuwa na nne za mwanzo, Peter Deutsch akazifikisha saba mwaka 1994, na James Gosling akaongeza ya nane. Ni mambo ambayo mwandishi wa programu huyachukulia kuwa kweli bila kujijua: mtandao hauangushi kitu, ujumbe hauchukui muda, njia ina upana usio na kikomo, mtandao ni salama, ramani yake haibadiliki, msimamizi ni mmoja, kusafirisha hakuna gharama, na vifaa vyote ni vya aina moja. Mpaka hapa tumeishi ndani ya ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoharibu hela. Nyingine nyingi zina tabia ya kujigeuza kuwa hiyo ya kwanza: zinaanza kama ucheleweshaji, zinaishia kuwa taimauti.

B kuanguka ni dhana ya upana. Simu ya mteja inajaribu mara tatu, seva A inajaribu mara tatu kwa kila moja, na proksi iliyo mbele ya B inajaribu mara tatu pia. Mbonyezo mmoja unaweza kufika B mara 27. Utalitambua kwa kuhesabu: maombi yanayoingia B yamepanda mara nyingi, oda mpya kwenye A hazijapanda. Acha safu moja tu irudie, nayo ni ile inayotunza ufunguo. Isubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila mara iongeze kiasi cha kubahatisha ili seva zote zisigonge mlango kwa pamoja.

Dalili: ombi la kwanza baada ya utulivu linakwama

Usiku hakuna mauzo; alfajiri mteja wa kwanza anapata taimauti, wa pili anapita. Muunganisho ulioachwa wazi umesahauliwa na kifaa kilichopo katikati, na A na B hazina habari. Msimamizi hakuwa mmoja. Lango la NAT la AWS, kwa mfano, linausahau muunganisho ukishakaa kimya kwa sekunde 350, wakati Linux kwa kawaida huanza kuupima baada ya sekunde 7,200, tena kwa soketi zilizowashiwa upimaji huo tu. Lango hilo walau hujibu kwa kukata, kwa hiyo unaona `ECONNRESET`. Vifaa vingine vya ulinzi vinatupa pakiti kimya kimya, na kama programu yako haina taimauti, Linux itaendelea kurudia kwa takriban dakika 15 kabla ya kukubali kwamba njia imekufa. Punguza muda wa kupima uwe chini ya ule wa kifaa cha katikati:

```
sysctl -w net.ipv4.tcp_keepalive_time=120
```

Na kwenye programu, washa `SO_KEEPALIVE`, weka taimauti, funga miunganisho iliyokaa bure.

Dalili: jana sawa, leo taimauti kila mahali, hakuna aliyebadilisha kodi

Ramani imebadilika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wakaona mtandao ukizorota. Hali kama hiyo ikitokea, pakiti zako zinaweza kuzunguka njia nyingine ndefu na iliyojaa. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 10,000 za ziada kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, zinaongeza milisekunde 100, kabla hujahesabu foleni kwenye njia iliyojaa.

Milisekunde 100 si kitu kwa ombi moja. Lakini kama A inaongea na B mara 40 mfululizo kukamilisha oda moja, kwa milisekunde 5 kila safari ilikuwa sekunde 0.2, na kwa milisekunde 150 ni sekunde 6. Kama taimauti ya sekunde 5 ni ya oda nzima, imeshapita, A imerudia, na usipokuwa na ufunguo umeshamkata mteja mara mbili bila pakiti hata moja kupotea. Pima kwa `mtr` kuelekea B na ulinganishe na kipimo ulichohifadhi siku ya kawaida. Kama huna cha siku ya kawaida, chukua leo. Kisha unganisha maombi yale 40 yawe machache.

Ulinganisho wa kila siku

Hata baada ya yote haya, endesha kazi ya usiku inayolinganisha madaftari mawili kwa ufunguo. Ufunguo ulioko B ukiwa "imekatwa" na A unasomeka "haijulikani", ile njia ya kurudia imesimama, tazama foleni. Ukiwa A "imelipwa" na B haupo kabisa, hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu mzigo umetoka bila hela, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyebadilisha hali ya oda kwa mkono. Linganisha miamala iliyopita saa moja au zaidi tu. Ile ya dakika tano zilizopita itakupa tofauti nyingi za uongo, kwa kuwa baadhi ya majibu bado yako njiani.